Nishikie zamu: Namna ya kumwomba mwenzako bila kumbebesha mzigo wako

Mama amepiga simu kutoka Korogwe. Tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho imepatikana, ni Alhamisi ijayo, na ametakiwa afike saa 1 asubuhi na mtu wa kumshika mkono. Binti yake ni muuguzi jijini Dar es Salaam. Anafungua picha ya rosta kwenye simu na moyo unamshuka, kwani Jumatano hiyo ameandikwa usiku. Wodini kwao zamu ya usiku huanza saa 2:30 na kuisha saa 1:30 asubuhi, wakati mama atakuwa ameshaketi kwenye benchi.

Tumwite Mama Neema. Hali kama hii huwapata wengi wanaofanya kazi kwa zamu, wakiwamo walinzi, wahudumu wa hoteli na madereva. Siku kama hiyo ndipo undugu wa kazini unapojulikana, na ndipo unapoharibika pia, kwa sababu ya ombi lililotolewa vibaya.

Anza na rosta, si na urafiki

Wazo la kwanza la Mama Neema ni shoga yake Rehema, ambaye hawezi kumkatalia. Lakini rosta inaonyesha Rehema yuko asubuhi Jumatano na asubuhi Alhamisi. Akiishika zamu ile ya usiku, atatoka kazini saa 9:30 alasiri, arudi saa 2:30 usiku, akeshe, kisha aunganishe na zamu yake ya asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka, kwa kawaida, mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kuanza tena kazi. Hapo Rehema atapata saa tano tu, na zamu ya pili hatakuwa na mapumziko kabisa. Muuguzi aliyechoka namna hiyo ndiye anayeweza kukosea kipimo cha dawa.

Kwa hiyo ombi kwa Rehema halifai hata kama angekubali. Anayefaa ni Zuhura. Jumatano na Alhamisi anapumzika, na Ijumaa anaingia asubuhi. Akitoka usiku Alhamisi saa 1:30 asubuhi, ana saa 24 kamili kabla ya kurudi.

Toa kitu chenye tarehe

Kosa kubwa ni kusema, "Nisaidie, nitakurudishia siku moja." Siku moja haiko kwenye kalenda. Mwenzako anakesha wiki hii, na ninyi wawili mnabaki na deni ambalo kila mmoja analihesabu kivyake.

Mama Neema alitaka kujitolea kuishika Ijumaa asubuhi ya Zuhura. Akakumbuka kwamba mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho kwa kawaida hurudi siku inayofuata kufunguliwa bandeji na kuangaliwa jicho. Ijumaa naye anamhitaji mama. Angeitoa siku hiyo, angelazimika kuomba mara ya pili.

Akaangalia mbele. Zuhura ameandikwa usiku Jumapili, na yeye Mama Neema anapumzika Jumapili na Jumatatu, kisha anaingia Jumanne asubuhi. Usiku kwa usiku, uzito ni ule ule, na yeye pia anabaki na muda wa kulala. Hicho ndicho cha kumpa. Fedha si badala nzuri. Ukimlipa mwenzako mkononi, zamu inageuka bidhaa, na mwezi ujao asiye na fedha hataweza kuomba.

Ujumbe wenyewe

Alimwandikia Zuhura peke yake. Hakuandika kwenye kundi la wodi, ambako mtu hukubali kwa aibu au wote hunyamaza wakitegeana. Ilikuwa Jumamosi, siku nne kabla ya zamu:

"Da Zuhura, habari za kazi? Mama yangu anafanyiwa upasuaji wa jicho Alhamisi asubuhi, nami nipo usiku Jumatano. Naomba unishikie usiku huo, mimi nishike usiku wako wa Jumapili. Kama Jumapili hainogi, chagua zamu yako nyingine yoyote ya wiki ijayo isipokuwa asubuhi ya Jumanne. Naomba jibu kesho kabla ya saa 12 jioni. Ikishindikana usijali dada, nitaingia mwenyewe, mdogo wangu atampeleka mama nami nitawafuata nikishakabidhi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba ombi zima. Zuhura anajua kwamba akikataa, mama hatakosa mtu wa kumpeleka. Lakini sentensi hiyo isiwe maneno matupu. Kabla ya kuandika, Mama Neema alimpigia mdogo wake, akahakikisha ameomba ruhusa kazini kwake Alhamisi na anajua wapi pa kushukia.

Lipo pia suala la kulijua jibu. "Tutaona," "ngoja niangalie" na "Mungu akijalia" mara nyingi ni hapana ya mtu mwenye adabu. Ukimya nao ni hapana. Saa 12 ikifika bila "ndiyo" iliyo wazi, shukuru, kisha fuata mpango wa pili. Usimkumbushe mara tatu.

Zuhura alijibu usiku ule ule: "Sawa mama, Jumapili nakuachia. Nyumbani tuna shughuli ya mdogo wangu, umenifaa."

Kukubaliana wawili hakutoshi

Jumatatu walikwenda pamoja kwa muuguzi kiongozi, yule ambaye wengi humwita inchaji. Wakaandika tarehe zote mbili, nani anaingia na nani anatoka, wakasaini, na rosta ya ukutani ikarekebishwa. Bila hivyo, Jumatano usiku aliyeandikwa ni Mama Neema. Jambo likitokea wodini, yeye ndiye atakayehesabiwa mtoro, na Zuhura atakuwa kazini bila kuandikwa. Malipo nayo yanahusika. Sheria ile inataka saa za kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ziongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nyongeza iende kwa aliyekesha.

Pale pale walimaliza maswali mawili ambayo wengi huyaacha. La kwanza, Zuhura akiugua Jumatano itakuwaje? Walikubaliana kwamba atapiga simu kabla ya saa 8 mchana, na zamu itamrudia mwenyewe, yaani Mama Neema, kwa mpango wa mdogo wake. La pili, upasuaji ukiahirishwa je? Hilo hutokea, kwa mfano shinikizo la damu la mgonjwa likikutwa juu. Likijulikana kabla ya Jumatano mchana, Zuhura ataamua kama mabadilishano yanaendelea au yanavunjwa, kwa kuwa huenda ameshapanga Jumapili yake. Likijulikana Alhamisi asubuhi, yeye ameshakesha, na Jumapili inabaki deni.

Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile. Presha ya mama ilikutwa juu, wakapewa dawa na tarehe nyingine. Mama Neema alirudi nyumbani bila upasuaji kufanyika, amechoka, na Jumapili saa 2:15 usiku alikuwa wodini akipokea ripoti. Hakumwomba Zuhura wavunje. Ahadi ni deni, na tarehe mpya ya mama imeangukia siku nyingine ambayo yeye yuko zamu. Safari hii ameshaangalia rosta, na ameona nani anafaa kuombwa.