Jua Linatua, Tua Nawe

Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu na kitabu kuhusu Serengeti. Jina la Kijerumani, likiwekwa kwa Kiswahili, linasema: Serengeti isife. Ni sauti ya mtu anayesihi, na ana sababu, kwa kuwa mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege wakiwa kwenye kazi hiyohiyo. Toleo la Kiingereza likaja na jina jingine: Serengeti haitakufa. Maneno ni yaleyale karibu yote, ila ombi limegeuka kuwa ahadi, na msomaji wa Kiingereza akaanza kitabu akiwa na moyo tofauti na wa Mjerumani.

Hali ya kitenzi imebadilika, na hisia imehama. Katika kitabu cha kurasa nyingi msomaji ana nafasi ya kurekebishwa. Katika kaulimbiu ya loji, yenye maneno manne au matano, hana. Ndiyo maana wafasiri wa matangazo huitenga kazi hii na tafsiri ya kawaida. Wengine huiita tafsiri bunifu, na kwa kawaida hulipwa kwa saa au kwa kazi nzima, maana hakuna anayeweza kupanga bei ya maneno manne kwa kuyahesabu.

Tuseme kuna loji ya mahema kando ya Mto Tarangire, kusini-magharibi mwa Arusha, inayotaka kuvuta familia za Dar es Salaam na Arusha. Kaulimbiu yake ya Kiingereza, neno kwa neno, ni: Potea porini, ujipate. Kichwa cha broshua kinasema: Lala chini ya mbuyu, amka na tembo. Kwa Kiingereza yote mawili yanapendeza. Mfasiri mwenye haraka angeyapeleka kiwandani hivyohivyo, na sarufi isingemsuta hata kidogo.

Msikilize sasa mama wa Kinondoni akiyasoma. Potea! Hilo ni neno la kumfukuzia mtu, lina undugu na potelea mbali. Pori nalo kwake si uhuru. Pori ni mahali ambapo gari likiharibika utalala njaa, na shamba lililotelekezwa huitwa pori. Mzungu aliyechoshwa na umati huona raha kuwa mbali na watu. Kwa Kiswahili hali hiyo inaitwa upweke, na mpweke huhurumiwa.

Kichwa cha broshua kina hatari zaidi. Mbuyu katika masimulizi mengi ya pwani na bara ni makazi ya majini na mizimu, na mzazi hampeleki mtoto kulala chini yake kwa hiari, achilia mbali kulipia. Tena kuzunguka mbuyu, kwa wanaojua mitaa, ni kutoa hongo. Kisha kuna tembo. Pwani, tembo ni pombe ya mnazi pia, hivyo anayeambiwa ataamka na tembo anaweza kufikiria kichwa kinachogonga asubuhi. Na hata akielewa kuwa ni mnyama, mtu ambaye ndugu zake wanaishi jirani na hifadhi amesikia habari za mahindi yaliyokanyagwa usiku. Kwake tembo ni mkubwa kwelikweli, si mwanasesere.

Hapa mfasiri mzuri anaweka kalamu chini na kuuliza maswali. Mgeni anatakiwa ajisikie vipi akimaliza kusoma? Ni kitu gani hasa kipo pale, saa ngapi, kwa msimu upi? Mwenye loji akibanwa hivyo ataeleza kuwa kaulimbiu yake haihusu kupotea hata kidogo. Inahusu mtu anayefika na kelele za ofisini kichwani, akakaa jioni mbele ya hema, na mabega yake yakashuka. Hisia ndiyo hiyo, na neno la kuibeba litafutwe ndani ya Kiswahili chenyewe.

Jaribio la kwanza huenda kwenye pumzika, na linakwama mapema: pumzika kwa amani ni la msibani, na kila mchanganyiko wa pumziko na utulivu unalikaribia kaburi kwa hatua moja. Lala salama nayo ina walakini uleule. Kupunga upepo ni tamu, ila inanukia baharini.

Halafu linapatikana tua. Mtu hutua mzigo, ndege hutua, jua nalo hutua. Tulia na tuliza ni wana wa kitenzi hikihiki, ingawa wasemaji wengi hawaufikirii ukoo huo. Kaulimbiu inajiandika karibu yenyewe: Jua linatua. Tua nawe. Hakuna pori ndani yake, hakuna kupotea, wala kujipata. Lakini yule mtu aliyekaa mbele ya hema jioni yumo, na mzigo wake u chini. Kwa mchora broshua ni herufi chache zinazoenea kwenye mstari mmoja, jambo ambalo Kiswahili, chenye vitenzi vyake virefu, hakitoi kila siku.

Kichwa cha broshua kinadai kitu kingine: ukaribu na mnyama mkubwa pamoja na uhakika wa usalama. Mfasiri anauondoa mbuyu kabisa, ubaki kwenye picha. Anamweka mgeni barazani, mahali ambapo Mswahili huketi bila wasiwasi, na kumweka tembo mtoni, mahali pake. Inatoka hivi: Tembo wanywea mtoni, nawe chai barazani. Kila kipande kina mizani nane na vyote vinaishia kwa kina cha ni, kwa hiyo sikio lililolelewa na mashairi linaupokea mstari kabla akili haijaupima. Ile hofu ya pombe ya mnazi nayo imeondoka, kwa sababu kiambishi wa kinamtambulisha tembo kuwa kiumbe. Kati ya hao wawili kuna umbali ambao hakuna aliyelazimika kuutaja.

Mapendekezo hayapelekwi peke yake. Mfasiri hupeleka matatu hivi, kila moja likiwa na tafsiri ya kulirudisha kwenye Kiingereza na maelezo mafupi ya kinachosikika. Bila maelezo hayo mwenye loji ataona jua, chai na baraza, atauliza pori lake limekwenda wapi, na ataagiza lirudishwe. Kabla ya hapo mstari husomwa kwa sauti mbele ya watu ambao hawajaona Kiingereza chake, wakaulizwa swali moja: umeona nini? Anayejibu kuwa ameona watu wawili wanakunywa, mmoja mkubwa sana, ameupata. Anayenyamaza kidogo kisha akasema ni Kiswahili kizuri, hajaona kitu, na mstari unarudi mezani.

Limebaki suala la ukweli. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, Mto Tarangire huwa na maji wakati sehemu nyingi za jirani zimekauka, na tembo hukusanyika kwa makundi. Mvua zikinyesha wanatawanyika, wengi wakitoka nje ya hifadhi kufuata malisho. Mgeni wa Aprili aliyesoma kichwa kile atakaa barazani na chai yake, atazame mto usio na tembo, na atahisi ametapeliwa. Kwa hiyo kichwa cha tembo kinakwenda kwenye broshua ya kiangazi tu. Ya masika inaanza upya, na swali la kwanza kwa mwenye loji ni lilelile: mwezi huo, saa kumi na mbili asubuhi, mtu aliyeketi barazani anaona nini?