Kiganja Ndani ya Pipa

Mashine ya kufulia inayofunguka mbele hutumia maji machache, nayo hutegemea sana kuanguka kwa nguo. Ndani ya pipa kuna mapezi, kwa kawaida matatu, yanayozibeba nguo hadi karibu na juu kisha yakaziachia zidondoke kwenye maji ya sabuni. Kila zikidondoka, maji hupenya kwenye nyuzi, yakatoka na uchafu. Kwa hiyo nguo zinahitaji mahali pa kuangukia, na nafasi hiyo ndiyo inayopimwa kwa kiganja.

Weka nguo za pamba mojamoja, zikiwa zimekunjuliwa, bila kuzishindilia. Kisha ingiza mkono juu yake, kiganja kikiwa kimesimama wima, kidole gumba kikielekea juu. Upana wa kiganja, yaani kama sentimita 10, uingie kati ya nguo na dari ya pipa bila wewe kuzikandamiza. Ukilazimika kusukuma, punguza. Ikibaki nafasi ya viganja viwili au vitatu, bado unaweza kuongeza.

Wengi hutegemea namba iliyoandikwa kwenye mashine. Kilo 7 ni uzito wa nguo kavu za pamba, tena kwa programu ya pamba peke yake. Tuseme una shuka mbili zenye kilo 1.2, taulo nne kubwa zenye kilo 2.4, jinzi tatu zenye kilo 2.1 na fulana nane zenye kilo 1.4. Jumla ni kilo 7.1, na kwa mizani unaona umefika palepale. Lakini taulo ni nene na zina hewa nyingi, hivyo pipa litajaa hadi juu na kiganja hakitapita. Toa taulo mbili, zibaki kilo 5.9, ujaribu tena. Mizani na kiganja vikitofautiana, mimi hufuata kiganja.

Ukifunga mlango kwa kuusukuma na goti, utayaona matokeo kupitia kioo: nguo zote zinazunguka kama bonge moja, hakuna inayodondoka. Zilizo katikati zinalowa tu. Sabuni ya unga hunasa kwenye mikunjo na maji ya kusuuza hayaifikii, ndiyo maana fulana nyeusi hutoka na michirizi meupe na kola ya shati ikabaki na weusi wake. Usiongeze sabuni kutibu hali hiyo, kwa kuwa utakuwa umeongeza kile ambacho tayari kimeshindwa kutoka. Zaidi ya hapo, uzito wa nguo zilizolowa huelemea beringi na springi za pipa, na kubadilisha beringi ni kazi ya kuifumua mashine karibu yote.

Nguo chache mno nazo zina shida zake, ingawa watu huzisema kidogo. Nguo husafishana pia kwa kusuguana, na mbili tatu hazina cha kusuguana nacho. Ukiwa umeweka sabuni ya pipa zima, povu hujaa na kuzuia nguo zisidondoke kwa nguvu. Ila taabu kubwa huja wakati wa kukamua. Zulia moja la bafuni likilowa hulala upande mmoja wa pipa. Mashine huhisi kwamba uzito umeegemea huko, husimama, huzungusha taratibu ili kuusambaza, kisha hujaribu tena. Dakika kwenye kioo hazipungui, na mwishowe mashine hukata tamaa au hukamua kwa kasi ndogo, ukatoa zulia linalochuruzika maji. Dawa yake ni kuongeza taulo mbili, uzito upate mwenzake upande wa pili. Na usidhani nusu ya nguo hutumia nusu ya maji na umeme; hata mashine zinazopima mzigo zenyewe hazipunguzi kwa kiasi hicho.

Kanuni ya kiganja ina mipaka. Sare za shule za poliesta hujikunja vibaya zikibanwa, hivyo jaza nusu ya pipa tu. Kwa sufi, theluthi. Mashine inayofunguka juu husugua kwa kuzungusha maji, kwa hiyo humo angalia kama nguo zinaogelea na kupanda na kushuka.

Blanketi zito nalo lisikudanganye kwa kuingia likiwa kavu. Likishaloweshwa huvimba na kubana pipa. Kama kiganja hakipiti juu yake, lipeleke kwa dobi mwenye mashine kubwa, au lifue kwenye beseni.