Maji ndani ya mafuta ya transfoma, na kipimo kisichotaka kutulia

Mafuta ya transfoma yakiwa safi huonekana angavu, na jicho haliwezi kutofautisha yenye miligramu 10 za maji kwa kilo na yenye miligramu 40. Transfoma yenyewe inaitambua tofauti hiyo. Maji yakizidi, uwezo wa mafuta kuzuia umeme kupenya hushuka, na karatasi iliyozungushiwa nyaya huchakaa upesi. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha mafuta mapya, IEC 60296, hakiruhusu zaidi ya miligramu 30 kwa kilo yakiletwa kwa tangi, au 40 yakiletwa kwenye mapipa.

Njia inayotumika kuyapima maji machache hivyo ina jina la mkemia Mjerumani, Karl Fischer, aliyeichapisha mwaka 1935. Alikuwa akitafuta namna ya kupima maji ndani ya salfa dayoksaidi ya majimaji, iliyotumika kusafishia mafuta ya petroli. Aligundua kwamba iodini na salfa dayoksaidi, zikiwa pamoja na alkoholi na kemikali ya kupunguza tindikali, humenyuka palipo na maji tu. Kila molekuli moja ya maji hula molekuli moja ya iodini. Basi ukijua iodini iliyotumika, umejua na maji.

Kwa mafuta, mashine haimwagi iodini kutoka kwenye chupa. Huitengeneza papo hapo kwa mkondo wa umeme, ndani ya kikombe cha kioo kilichofungwa, na kuhesabu umeme uliopita: kulomu 10.71 ni sawa na miligramu moja ya maji. Vijiti viwili vyembamba vya platini vimezama humo. Maji yakiwapo, volti kati ya vijiti hivyo huwa juu. Maji yakiisha, iodini kidogo hubaki bila kazi, volti huanguka ghafla, na mashine husimama. Hapo ndipo kikomo cha titresheni.

Lakini kikombe hakikauki kabisa. Unyevu wa hewa hupenya polepole kwenye viungo vya kioo na kwenye kifuniko cha mpira kinachochomwa sindano kila siku, na mashine hulazimika kuendelea kutengeneza iodini kidogo ili kuumaliza. Kasi hiyo maabara huiita drifti, na huandikwa kwa mikrogramu za maji kwa dakika. Ni sawa na kupima maziwa kwenye ndoo huku manyunyu yakidondoka ndani. Ukijua manyunyu hudondoka kwa kasi gani, utayatoa hesabuni, ila iwe kasi haibadilikibadiliki.

Chukua sampuli moja. Kabla ya kuanza, skrini inaonyesha drifti ya 8, nayo imetulia. Mpimaji anavuta mafuta kwa bomba la sindano lililokaushwa, anatoa mapovu yote, anafuta ncha ya sindano na kupima uzito. Anaingiza mafuta kwenye kikombe, kisha anapima tena bomba tupu: gramu 8.00 zimeingia. Baada ya dakika tatu mashine inasimama ikiwa imehesabu mikrogramu 152. Drifti ya 8 kwa dakika tatu ni 24. Zinabaki 128, na ukigawa kwa gramu 8 unapata 16. Mafuta haya yana miligramu 16 za maji kwa kilo. Bila kutoa drifti, cheti kingesema 19.

Sasa tuseme drifti haitulii. Jambo la kwanza ni kuangalia ilianza lini.

Ikiwa iko juu kabla sampuli haijaingia, mafuta hayana kosa. Mpimaji akitikisa kikombe taratibu ili majimaji yaoshe kuta za ndani, kisha drifti ikapanda kwa muda na kushuka chini kuliko ilivyokuwa, basi unyevu ulikuwa umeganda kwenye kioo. Isiposhuka, hewa inaingia. Kifuniko cha mpira kilichojaa matundu kibadilishwe, viungo vya kioo vipakwe grisi upya, na punje za kukausha hewa kwenye mrija wake zibadilishwe. Kwenye maabara za pwani hili halina masihara. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban mikrogramu 24 za maji katika kila mililita, kwa hiyo povu moja la mililita lililosahauliwa kwenye bomba la sindano huleta maji mengi kama drifti yote ya mfano wetu.

Kosa la namna hiyo hujitokeza ukipima mafuta yale yale kwa uzito tofauti. Tuseme gramu 4 zinatoa jibu la 24, na gramu 8 zinatoa 20. Mafuta hayawezi kuwa na majibu mawili. Kuna mikrogramu 32 zinazoingia kila mara, iwe sampuli ni ndogo au kubwa. Ukiziondoa, vipimo vyote viwili vinatoa 16.

Drifti inayopanda baada ya sampuli ni habari nyingine, na ndiyo inayowasumbua wengi. Kama awali ilikuwa 8, baada ya sampuli ya kwanza ikawa 20, na baada ya pili 35, kuna kitu ndani ya mafuta kinachobaki kikombeni. Mara nyingi ni mafuta yenyewe. Hayayeyuki vizuri kwenye methanoli, hivyo huelea kama matone na kuachia maji yake kidogo kidogo. Dawa yake ni kiyeyushi kinachoyapokea, kama kloroformu, zailini au alkoholi yenye mnyororo mrefu. Utando wa mafuta ukishika vijiti vya platini, mashine haioni kikomo kwa wakati: majimaji yanayopaswa kuwa ya njano hafifu yanageuka kahawia kwa iodini iliyozidi. Hapo vijiti visafishwe kwa kiyeyushi, visuuzwe kwa methanoli na kukaushwa.

Kisababishi kingine ni kemia. Asetoni na jamii yake humenyuka na methanoli na kuzaa maji mapya, hivyo huhitaji kemikali maalumu zisizo na methanoli. Viungio vya salfa kwenye mafuta ya injini navyo hula iodini moja kwa moja, na mashine huvihesabu kama maji. Vingine huila upesi mno, drifti ikarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea, na jibu likabaki kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo drifti tulivu peke yake si cheti cha usafi.

Kwa mafuta ya namna hiyo, njia bora ni kutoyaingiza kikombeni kabisa. Sampuli hufungwa kwenye kichupa na kupashwa moto, kwa kawaida nyuzi 120 hadi 140, na naitrojeni kavu hupeperusha mvuke wa maji mpaka kwenye kikombe, huku viungio vingi vikibaki nyuma. Kichupa kitupu hupimwa kwanza ili unyevu wake utolewe hesabuni.

Mhandisi anayepokea cheti cha maji ya transfoma asiridhike na namba moja tu. Aombe uzito wa sampuli, muda wa kipimo, na drifti ya kabla na ya baada. Maabara iliyopima vizuri huwa imeviandika vyote vinne.