Bakshishi na Ada ya Huduma Hotelini: Ni Pesa za Nani?

Mteja anapomaliza kula mkahawani, anaweza kuacha pesa za ziada kwa njia mbili. Anaweza kumpa mhudumu noti ya shilingi 100 mkononi. Hiyo ni bakshishi. Au risiti yenyewe inaweza kuwa na mstari ulioandikwa ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 10 ya bei ya chakula. Pesa hizi mbili hazilingani, na wafanyakazi wengi hupoteza haki yao kwa kutojua tofauti.

Bakshishi ni zawadi ya mteja kwa aliyemhudumia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinachoitaja moja kwa moja, lakini inamtaka mwajiri alipe mshahara wote wa kazi iliyofanywa. Pesa iliyotoka mfukoni mwa mteja si mshahara aliolipa mwajiri. Kwa hivyo mwenye hoteli hawezi kumlipa mhudumu chini ya kima cha chini cha mshahara kwa kisingizio kwamba "atajazia na bakshishi".

Ada ya huduma ni tofauti kwa sababu hukusanywa na mwajiri. Kinachoamua inakokwenda ni mkataba wa kazi, au mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Mkataba ukisema ada itagawiwa wafanyakazi, inakuwa sehemu ya malipo yao, na mwajiri akiizuia anakuwa amezuia malipo halali. Mkataba usiposema lolote, mfanyakazi atapata ugumu kudai. Ndiyo maana swali hili huulizwa siku ya kutia sahihi, si siku ya kuacha kazi.

Sheria ya ushuru pia inahusika. Ada ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi huondolewa VAT ikiwa tu haizidi asilimia 10 ya bei na inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja kulingana na makubaliano ya maandishi. Mwajiri anayeiweka mfukoni ameifanya kuwa mapato ya biashara, na anapaswa kuilipia ushuru.

Mfano wa hesabu

Chukua mkahawa ambao kwa mwezi mmoja umekusanya ada ya huduma ya shilingi 90,000. Makubaliano yanampa kila mhudumu pointi 3, na mpishi au msafishaji pointi 2. Wahudumu ni 6, wapishi 4 na wasafishaji 2. Jumla ni pointi 30, hivyo kila pointi ni shilingi 3,000. Mhudumu anapata 9,000, na mpishi au msafishaji 6,000.

Sasa meneja anajiongeza kwenye orodha kwa pointi 6. Pointi zinakuwa 36, na kila moja inashuka hadi shilingi 2,500. Mhudumu anapata 7,500. Amepoteza 1,500 ingawa mauzo hayajabadilika. Kugawana si kosa, wala mpishi kupata fungu si kosa. Kosa ni kubadilisha mgao bila kushauriana na wafanyakazi na kuwaarifu kwa maandishi, kama sheria inavyotaka mkataba unapobadilishwa.

Makato ya vyombo vilivyovunjika huleta malalamiko mengi pia. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale tu mfanyakazi alipoharibu mali kwa makusudi. Glasi iliyoteleza si sababu ya kukata malipo ya wote.

Bakshishi ya M-Pesa nayo ina mtego wake. Ikitumwa kwa Till ya hoteli, huchanganyika na mauzo. Mhudumu aandike siku hiyo hiyo kiasi na msimbo wa muamala katika daftari, na msimamizi atie sahihi.

Hatua za kuchukua

Mfanyakazi aanze kwa kuomba kwa maandishi jumla ya ada ya mwezi na orodha ya mgao, kisha ailinganishe na hati yake ya mshahara. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa afisa wa leba wa serikali ya kitaifa aliye karibu. Kaunti hutoa leseni ya biashara, lakini haiamui migogoro ya mishahara. Abebe mkataba, hati za mshahara na nakala za risiti zinazoonyesha ada hiyo.

Asikawie. Dai la mkataba wa kazi huwa na kikomo cha miaka 3, na kwa madhara yanayoendelea, miezi 12 tangu yalipokoma. Wanaoogopa kufutwa wajue kwamba kuwasilisha malalamiko yenye msingi si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Mteja naye anaweza kusaidia kwa swali moja kabla ya kulipa: ada hii inawafikia wafanyakazi?