Je, Wajua? Geji ya upepo inaweza kusimama kwenye sifuri na bado ikadanganya

Mshale kurudi kwenye sifuri hakuthibitishi kuwa geji ya gereji iko sawa. Fundi huiunganisha pamoja na geji ya kulinganishia kwenye mpira mmoja wa upepo, ili zote mbili zipime mgandamizo uleule. Hupandisha upepo hadi PSI 20, 30 na 40, kisha huushusha, akiandika tofauti kila anaposimama. Geji ya gereji ikionyesha 32 huku ya kulinganishia ikionyesha 28, gari linaloondoka na "32" lina upungufu wa PSI 4 kila tairi. Tofauti ikijirudia ileile kila anapopima upya, geji huweza kurekebishwa. Ikibadilikabadilika, au mshale ukikwama wakati wa kushuka, geji hiyo hutolewa kazini.