Waya Mmoja Ukishikwa na Wawili

LM75 ni chipu ndogo ya kupima joto. Huzungumza na kidhibiti chake kwa nyaya mbili tu: SCL, unaopiga mapigo ya saa, na SDA, unaobeba habari. Utaratibu huu unaitwa I2C. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliubuni mwaka 1982, na mpaka leo unatumika katika simu, televisheni na mita za umeme. Kidhibiti kikitaka kukiandikia kihisi, hutuma anwani yake, kwa mfano 1001000, kisha biti ya nane ambayo ni 0. Kwenye pigo la tisa kidhibiti hunyamaza na kuuachia waya wa SDA, na kihisi huushusha hadi sifuri kujulisha kwamba kimesikia. Katika mwendo wa kawaida wa mapigo laki moja kwa sekunde, zamu hiyo ya kujibu hudumu mikrosekunde 10.

Mhandisi anayeandika kidhibiti hicho kwa lugha ya VHDL hana budi kuieleza zamu hiyo kwa usahihi, kwani hapo ndipo waya mmoja unapotoka mkononi mwa chipu moja na kuingia mkononi mwa nyingine. Zikiushika zote mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikitaka lake, waya una thamani gani?

Tuanze na umeme wenyewe. Mguu wa kawaida wa chipu una transista mbili. Moja huuunganisha waya na volti 3.3, na hiyo tunaihesabu 1. Nyingine huuunganisha na volti 0, na hiyo ni 0. Zote mbili zikizimwa, mguu hausukumi wala hauvuti. Upo pale umegusana na waya, lakini mkondo unaopita ni mdogo mno hata hauwezi kubadili chochote. Hali hiyo ya ukinzani mkubwa ndiyo VHDL inayoiandika 'Z'.

Waya ulioachwa na kila mtu hauna volteji ya kuaminika, kwa hiyo kwenye I2C hufungwa rezista, mara nyingi ya omu 4,700, kutoka SDA hadi volti 3.3. Kazi yake ni kama ya springi ya mlango: mlango ukiachwa unajifunga, lakini hata kidole cha mtoto kinatosha kuuzuia. Chipu ikiushusha waya hadi sifuri, rezista hiyo hupitisha miliampea 0.7 tu. Kwa sababu hiyo kanuni ya I2C inasema hakuna chipu inayosukuma 1. Anayetaka 0 anashusha, anayetaka 1 anaachia, na rezista inapandisha.

VHDL ilizaliwa Marekani katika mradi wa Wizara ya Ulinzi, ikawa kiwango rasmi cha IEEE mwaka 1987. Aina yake ya asili, `bit`, ilikuwa na thamani mbili tu, '0' na '1', na kwa thamani hizo huwezi kuandika kwamba chipu imeachia waya. Kila kundi la wahandisi likajitungia thamani zake, na michoro ya huyu ikawa haiungani na ya yule. Kiwango cha IEEE 1164 cha mwaka 1993 kilileta thamani tisa zinazotumika mpaka leo. '0' na '1' ni nguvu za transista. 'L' na 'H' ni sifuri na moja dhaifu, nguvu za rezista. 'Z' ni kuachia. 'X' ni kutojulikana kwa nguvu, na 'W' ni kutojulikana kwa udhaifu. 'U' ni ishara ambayo haijawahi kupewa thamani. Ya mwisho, '-', mhandisi huitumia kumaanisha kwamba matokeo yoyote yanamfaa. Katika habari yetu haina kazi.

Sasa waya wetu unaweza kuandikwa kwa mistari mitatu:

```vhdl
sda <= 'H';                           -- rezista
sda <= '0' when shusha = '1' else 'Z'; -- kidhibiti
sda <= '0' when jibu = '1' else 'Z';   -- kihisi
```

Mtu aliyezoea lugha za kawaida za programu atadhani mstari wa mwisho unafuta ya juu yake. Hapana. Kila mstari hapa ni kiendeshi kinachojitegemea, na vyote vitatu viko kazini muda wote. Mmoja wao akibadilika, programu ya kuigiza saketi hukusanya thamani zote tatu na kuzipitisha katika jedwali la usuluhishi, lililomo ndani ya kiwango chenyewe. Jedwali hilo lina kanuni chache. 'Z' humpisha yeyote. Mwenye nguvu humshinda dhaifu, kwa hiyo '0' na 'H' huzaa '0'. Wenye nguvu wawili wanaopingana huzaa 'X', na dhaifu wawili wanaopingana huzaa 'W'. 'U' ikiwemo, jibu ni 'U', hata wengine wote waseme nini.

Tulipitishe pigo la tisa humo. Kidhibiti kimeachia: 'Z'. Kihisi kinajibu: '0'. Rezista kama kawaida: 'H'. Jibu la jedwali ni '0', na kidhibiti kinajua kwamba kimesikiwa. Kihisi kikiwa hakipo, zinabaki 'Z' na 'H', na matokeo ni 'H'. Hakuna aliyejibu.

Sasa tuseme mwandishi wa kidhibiti amesahau habari ya kuachia, akaandika tu `sda <= biti;`, yaani 1 inasukumwa kama 1. Wakati wa anwani kila kitu kinaonekana salama. Biti ya kwanza ni 1, jedwali linapata '1' na 'H', linatoa '1'. Mwenye jicho kali angeshtuka hapohapo, kwa sababu kwenye waya wa I2C picha ya mawimbi haipaswi kuonyesha '1' ya nguvu hata mara moja; juu panatakiwa kusomeka 'H'. Kwenye pigo la tisa, ikiwa `biti` imewekwa 1, kihisi kinashusha '0', kidhibiti kinasukuma '1', na picha inaonyesha 'X', ambayo programu nyingi huipaka rangi nyekundu.

Katika chipu halisi hakuna volteji inayoitwa X. Tuseme kila transista iliyowashwa ina ukinzani wa omu 50. Mkondo unatoka volti 3.3, unapita transista zote mbili hadi volti 0: 3.3 gawa kwa 100 ni miliampea 33, wakati chipu ya I2C ya mwendo wa kawaida inahakikishiwa kumudu miliampea 3 tu huku ikiushikilia waya chini ya volti 0.4. Waya wenyewe unasimama kwenye volti 1.65. Kwa umeme wa volti 3.3, I2C huhesabu 0 chini ya volti 0.99 na 1 juu ya volti 2.31, katikati hapana ahadi yoyote. Bodi moja itasoma 0, nyingine 1, na ileile iliyofanya kazi asubuhi inaweza kukataa mchana ikipata joto. 'X' ni namna ya programu kukataa kubahatisha kati ya hayo, na kwenye osiloskopu kosa hili huonekana wazi: jibu la pigo la tisa linaning'inia kati badala ya kushuka hadi chini.

Hata hivyo 'X' inaweza kupotea kabla hujaiona. Kidhibiti kikiandikwa `if sda = '0' then` pokea jibu, `else` hesabu kwamba kihisi hakipo, basi 'X', kwa kuwa si '0', inaingia upande wa `else` kimyakimya. Ripoti itasema kihisi hakijibu, na mtu atatumia siku nzima akikichunguza kihisi kisicho na hatia. Mstari mmoja wa ulinzi unatosha:

```vhdl
assert sda /= 'X' report "mgongano kwenye sda" severity error;
```

Lipo kosa baya zaidi, ambalo mstari huo hauligusi. Biti ya nane ya kuandika ni 0. Kidhibiti kisichojua kuachia kikiibakiza `biti` kwenye 0 mpaka pigo la tisa, kidhibiti na kihisi vyote vinasema '0'. Hakuna ubishi, jedwali linatoa '0', na jibu linaonekana limefika. Ukimwondoa kihisi kabisa, jibu bado linafika, kwa sababu kidhibiti kinasikia sauti yake mwenyewe. Usuluhishi hutambua wanaopingana tu. Anayeshika waya nje ya zamu yake huku akikubaliana na wenzake haonekani. Kwa hiyo jaribio la kwanza ninalolidai kwa kidhibiti chochote cha I2C ni kukiendesha bila kihisi. Kikisema kimejibiwa, kirudi mezani.

Upande wa kusoma una mtego wake. Kihisi kinapotuma joto, biti za 1 hufika kama 'H', na katika VHDL `sda = '1'` si kweli pale `sda` ikiwa 'H': ni herufi mbili tofauti. Matokeo yake, kidhibiti kilichoandikwa vizuri kabisa kinaweza kusoma sifuri tupu katika uigizaji, ilhali kwenye bodi kinasoma sawasawa, maana chipu huiona volteji na haina habari ya herufi. Dawa ni kusoma `to_X01(sda)`, inayogeuza 'H' kuwa '1', 'L' kuwa '0', na nyingine zote isipokuwa '0' na '1' kuwa 'X'.

Na 'U'? Ikitokea kwenye waya wa pamoja, tafuta kiendeshi ambacho hakijawahi kusema kitu. Mchakato wenye mstari unaoipa `sda` thamani huhesabiwa kuwa kiendeshi tangu mwanzo, hata kama mstari huo haujafikiwa, na ukimya wake ni 'U', tofauti kabisa na 'Z'. Mchakato mmoja usiowekewa thamani ya kuanzia unaweza kuufunika waya mzima, hata wengine wote wakiwa sahihi.

Usuluhishi huu wote ni mali ya aina ya `std_logic`. Kiwango kilekile kina pia `std_ulogic`, yenye thamani zilezile tisa ila haina jedwali: ukiiwekea viendeshi viwili, programu inakataa kabla uigizaji haujaanza. Vitabu vingi na mifano mingi hutumia `std_logic` kila mahali, na naona huko ni kuacha mlango wazi bila sababu. Ndani ya FPGA za siku hizi hakuna nyaya za pamoja; 'Z' ina maana kwenye miguu ya nje tu. Waya wa SDA unaotoka nje upewe `std_logic`, kwa kuwa kweli unashikwa na wengi. `biti`, `shusha`, kihesabio cha mapigo na vyote vinavyobaki ndani vipewe `std_ulogic`, ili kiendeshi cha pili kilichoingia kwa bahati mbaya kikamatwe na programu na namba ya mstari wake itajwe.