Fimbo, kigari na namba ya kutoa

Kigari kinateleza juu ya reli ndani ya kompyuta, na juu yake imesimama fimbo iliyoshikwa na bawaba. Programu inaona namba nne: kigari kilipo, kasi yake, mwinamo wa fimbo na kasi ya mwinamo huo. Kwa kila hatua inachagua kusukuma kushoto au kulia. Katika toleo liitwalo CartPole-v1, kila hatua huleta pointi 1, na mchezo huisha fimbo ikiinama kupita nyuzi 12, kigari kikivuka mpaka, au hatua zikitimia 500.

Njia ya REINFORCE, aliyoieleza Ronald Williams mwaka 1992, hujifunza kwa kucheza. Sera ya programu ni uwezekano tu: kiasi fulani kushoto, kilichobaki kulia. Mchezo ukiisha, kila uamuzi huhesabiwa pointi zilizopatikana tangu ulipofanywa, yaani G, na uwezekano wake husukumwa juu kwa kadiri ya G.

Hapo ndipo penye kasoro. Pointi zote ni chanya, kwa hiyo hata msukumo ulioiangusha fimbo nao hupongezwa. Chukua hali moja ambamo kushoto na kulia vina nusu kwa nusu. Kushoto huleta hatua 101, kulia 99. Programu ikienda kushoto, mizani ya sera huvutwa kushoto kwa 50.5, yaani nusu ya 101. Ikienda kulia, huvutwa kulia kwa 49.5. Wastani ni 0.5 kuelekea kushoto, na ndiyo sahihi, lakini umezama katika mivuto iliyo mikubwa mara mia. Huo ndio mtawanyiko.

Sasa toa 100, makadirio ya kawaida ya hali hiyo, kabla ya kusukuma. Kushoto hubaki na 1, kulia na -1. Programu ikienda kushoto, mizani husogea kushoto kwa 0.5, ikienda kulia, uamuzi huo hupunguziwa uwezekano, na mizani husogea tena kushoto kwa 0.5. Wastani ni uleule, mtawanyiko umekwisha. Katika mchezo halisi haumaliziki hivi, hupungua tu.

Wastani haubadiliki kwa sababu 100 hutolewa pande zote mbili, na athari zake hufutana. Sharti ni moja: namba hiyo itegemee hali, isitegemee uamuzi uliochaguliwa.

Kwa kawaida makadirio hayo hujifunzwa na mtandao mdogo wa pili unaosoma zile namba nne. Nao una mtego. Fimbo iliyonyooka kwenye hatua ya 10 inaweza kuwa na pointi 490 mbele yake. Iliyonyooka vilevile kwenye hatua ya 480 inabakiwa na 20, kwa sababu tu muda unakwisha. Mtandao hauoni saa, hivyo hukadiria katikati, na maamuzi mazuri ya mwishoni huonekana mabaya. Dalili yake huonekana pale sera iliyokwisha kufikia 500 inapoanza kuangusha fimbo tena. Kumpa mtandao huo namba ya hatua huondoa mkanganyiko huo.